Uji wa Chupa ya Chai

Kwangu hakuna chupa ya chai. Majirani wamezoea, lakini mgeni mpya hushangaa, kwa sababu huku kwetu mtu akiingia nyumbani anamiminiwa chai kabla hajaulizwa anatoka wapi. Kwangu anangoja. Naweka sufuria motoni mbele ya macho yake, nachemsha, na kama ana haraka namwambia aende salama, atakunywa siku nyingine. Mwanangu mmoja wa kiume aliwahi kuniletea chupa ya chuma, ile isiyovunjika. Nilimshukuru, nikawapa kina mama wa kanisa. Alikasirika kidogo, nami nikamwacha akasirike.

Niliolewa huku Wamagana, milimani, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, wakati kila mtu alikuwa anapanda kahawa au anatafuta miche ya chai. Mume wangu alikuwa fundi wa magari Nanyuki na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa hiyo niliishi na mama yake. Nyumba mbili, ua mmoja, jiko moja. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mdomo. Akikutania ulikuwa unacheka leo na kuumia kesho. Lakini alinipenda, na mimi nilimpenda, na sisemi hivyo kwa sababu amekufa.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa msichana. Kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake, na si jina tu. Yule mtoto ndiye yule nyanya, amerudi kuanza upya. Mama mkwe wangu hakumwita mjukuu hata siku moja. Alimwita "mimi". "Mimi nimelala," ananiambia nikitoka shambani. "Mimi nimekula." Siku nyingine nakuta ameshika shuka lililolowa, anasema, "Leo mimi nimejikojolea tangu asubuhi, na aibu sina." Majirani wakicheka, anawauliza wao walipokuwa wadogo walikuwa wanakojoa wapi.

Nilikuwa nauza kabichi na viazi Karatina siku za soko. Lori lilikuwa likipita barabarani kungali giza, likinipakia na magunia yangu, likinirudisha jua likiwa limekwisha kutua. Mtoto alipokuwa ananyonya tu nilimbeba mgongoni tukaenda naye. Baadaye akawa mzito, soko likawa vumbi na matope kwa zamu, nikaona abaki na nyanya yake na aanze uji. Hilo lilikuwa jambo la kawaida. Kila mama sokoni alikuwa na mtoto nyumbani na nyanya wa kumshika.

Taabu ilikuwa baridi. Mtu wa pwani hawezi kuelewa. Kuna miezi huku ukungu unakaa mpaka saa sita, na mlima huuoni kabisa, na ukiacha uji kwenye bakuli unaganda juu kabla hujapata kijiko. Sisi tulilelewa tukijua kitu kimoja kuhusu watoto: baridi ndiyo adui. Kitu baridi kikiingia tumboni kinaingia kifuani, na kifua kinaua. Hakuna aliyetuambia vinginevyo. Mchana moto wa jikoni ulikuwa umezimwa, kwa sababu kuni zilitoka mbali na hakuna mtu mwenye akili aliyewasha kuni kwa ajili ya kikombe kimoja. Sasa mtoto atapata wapi kitu cha moto saa saba mchana?

Mume wangu ndiye aliyeleta jawabu. Alirudi kutoka Nanyuki na chupa ya chai nyekundu, ina maua meupe ubavuni, aliyoinunua kwenye duka la Mwislamu mmoja pale mjini. Ilikuwa ya kwanza katika kijiji chetu. Watu walikuja kuitazama. Mama mkwe wangu aliiweka rafuni juu ya kitambaa alichokishona mwenyewe, na alipoulizwa ni ya nani alijibu, "Ni yangu mimi mdogo. Mwanangu amemnunulia mama yake."

Basi ikawa hivi. Alfajiri napika uji wa mahindi na wimbi, mwepesi, natia maziwa na sukari. Namimina kwenye chupa, nafunga kwa kile kizibo chake cha gome la mti, nazungushia kitambaa kwa sababu kizibo kilikuwa kimeanza kulegea. Lori linapiga honi, naenda. Mama mkwe wangu anammiminia mtoto kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo jioni. Uji ukitoka una ujotojoto. Anaujaribu kwa kidole chake, anaona uko sawa, anampa. Tulijiona tumeshinda ule ubaridi wa kwetu.

Kabla ya chupa hiyo, yeye alikuwa amewalea watoto wake kwa uji mchachu, unga uliolala kwenye kibuyu mpaka ukachacha, kisha ukapikwa. Alitaka kumpikia mjukuu huo. Mimi nikasema mambo ya vibuyu ni ya zamani, mtoto wa siku hizi anakunywa uji wa maziwa. Alicheka akasema, "Haya, mtoto ni wako, ingawa ni mimi." Hatukugombana.

Mtoto akaanza kuharisha.

Mara ya kwanza tulisema ni meno. Fizi zilikuwa zimevimba kweli, na mate yanamtoka, na kila mwanamke aliyepita uani alimtia kidole mdomoni akathibitisha. Akapona. Akaharisha tena. Likatoka jino, tukasema si mnaona? Akapona, lakini alikuwa amepungua, na nguo zikaanza kumpwaya. Mara ya tatu hatukuhesabu tena kama ugonjwa. Mtoto wa kuota meno anaharisha, ndivyo ilivyo. Na alipokuwa anaharisha, watu walituambia tusimpe vitu vingi, tumbo lipumzike. Tukalipumzisha. Sasa najua kwamba maji yalikuwa yanamtoka na sisi tukamnyima maji. Wakati ule tuliona ni uangalizi.

Siku ya mwisho nilirudi kutoka sokoni nikamkuta macho yameingia ndani na utosi umebonyea. Alikuwa analia bila machozi. Tulimbeba tukaenda kwenye zahanati kwa miguu, mimi na mama mkwe wangu, tukipokezana. Tulipofika alikuwa mgongoni kwa nyanya yake. Muuguzi alimtoa kwenye shuka, akamlaza mezani, akamwekea kile chombo cha kusikiliza kifua, akakitoa masikioni pole pole. Mama mkwe wangu hakuwa amefunga shuka bado. Alisimama nalo limefunguka mgongoni, akauliza, "Mimi nimelala?"

Sikulia. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilisimama pale kama mtu anayengoja chenji. Tukamzika nyuma ya migomba. Mume wangu alikuja, akakaa, akarudi Nanyuki. Wiki iliyofuata siku ya soko nilipanda lori na kabichi zangu. Wanawake wenzangu walinipa pole, nikazipokea, nikapima viazi. Walisema nina moyo wa jiwe. Sikuwa na moyo wa jiwe. Sikuwa na kitu. Nilikuwa natafuna chakula nisisikie ladha, nasikia meno tu. Nikishika maji ya moto sijui kama yanachoma mpaka nione mkono umekuwa mwekundu. Mama mkwe wangu aliosha chupa ya chai, akaikausha, akairudisha rafuni juu ya kitambaa chake. Ilikuwa ya mtoto, na hakuna aliyeitumia.

Nikapata mtoto mwingine baada ya muda mrefu. Msichana tena. Akaitwa jina lile lile, maana deni la jina kwa nyanya halifutiki kwa kifo. Mama mkwe wangu alimpokea, akamtazama usoni sana, akasema, "Mimi nimerudi." Safari hii hakucheka.

Nilimnyonyesha. Nilikwenda naye soko, nikamlaza kwenye gunia tupu chini ya meza. Akawa mnene, ana mikunjo ya mapaja, na alikuwa ananicheka bila sababu. Nilimwangalia kama mtu anayeangalia mtoto wa jirani. Niliogopa kumzoea. Alipofika umri wa kula, umri ule ambao dada yake alianzishiwa uji, hata akaupita, sikumpa. Nilisema kesho. Nilipika uji, nikaushika mkononi na kijiko, mtoto amefungua mdomo kama kifaranga, na mkono wangu haukwenda. Nikanywa uji mimi mwenyewe. Siku iliyofuata vile vile.

"Huyu ana njaa," mama mkwe wangu aliniambia. "Anatazama midomo yetu tukila."

"Ananyonya, mama."

"Ananyonya nini? Wewe mwenyewe huli."

Alisema kweli. Kliniki walimpima kwenye ile mizani ya kuning'inia na uzito ulikuwa umesimama pale pale ulipokuwa mara ya mwisho. Muuguzi, mwanamke mmoja mnene aliyevaa sweta juu ya sare kwa sababu ya baridi, aliniuliza anakula nini. Nikasema hali. Akaniuliza ninangoja nini. Nikasema sijui. Hakunikemea. Alisema, "Kaa pale na wenzako, leo tunapika."

Tulikaa nje kwenye benchi, akina mama wengi, watoto wamefungwa migongoni. Walikuwa wamewasha jiko la makaa. Yule muuguzi alinawa mikono kwa sabuni mbele yetu, polepole, mpaka wengine wakaanza kugunaguna. Akapika uji kwenye sufuria ndogo sana, ya kikombe kimoja hivi. Mama mmoja akasema, "Sista, hiyo ni ya kupikia paka?" Tukacheka. Muuguzi naye akacheka, kisha akauliza: "Ninyi mnapika kiasi gani?"

Wa siku nzima, tukasema.

"Na mnauweka wapi?"

Wengine walisema sufuriani, umefunikwa. Wengine walisema kwenye chupa ya mtoto yenye chuchu. Wengine, na nilishangaa walikuwa wengi, walisema kwenye chupa ya chai. Kufikia miaka ile kila kijiji kilikuwa nazo. Walisema kwa fahari, kwa sababu chupa ya chai ilikuwa ni kuonyesha unajali.

Yule muuguzi akaweka mwiko chini. "Chai ikae huko," akasema. "Uji wa mtoto usikae huko. Nisikilizeni. Asubuhi unautia ukiwa wa moto. Unaifungua chupa, unamimina, unaifunga, unaifungua tena. Kufikia mchana uji si wa moto, si wa baridi. Ni vuguvugu. Nyinyi mna kuku? Kuku akikalia mayai, anayapika?"

Hapana, tukasema.

"Anayapa joto tu. Na joto hilo ndilo linatoa vifaranga. Sasa hiyo chupa yako inafanya hivyo hivyo. Uji una maziwa, una sukari, mtu ameukoroga kwa kijiko ambacho hakikuoshwa vizuri, wadudu wachache wameingia, huwaoni. Chupa inawaatamia. Mchana wameanguliwa. Mtoto anawanywa wakiwa wazima, na wewe unasema ni meno."

Wanawake wakaguna. Mmoja aliuliza, na nilitaka kujua pia, kama si kweli kwamba mtoto akila baridi anashikwa na kifua. Muuguzi akasema uji uliopikwa sasa hivi hauwi baridi, unakuwa wa kumfaa mdomoni, na ndio huo apewe. Anayeharisha sana ndiye asiye na nguvu ya kupigana na kifua. Akasema shingo ya chupa ni nyembamba, mkono hauingii kusugua, na kizibo cha gome kinafyonza maziwa na hakikauki ndani hata ukiona kimekauka nje. Akasema tupike kidogo, mtoto ale pale pale, kwa kikombe na kijiko kilichochemshwa, na kinachobaki tunywe wenyewe au tumwage, kisirudi kwa mtoto. Kama umelazimika kabisa kuweka, kifunikwe, kisikae muda mrefu, na kabla ya kumpa kichemke tena mpaka kitokote, siyo kupashwa. Akasema hata uji mchachu wa kina nyanya haukuwa mbaya, ule usiotiwa maziwa, kwa sababu ukichacha vizuri wadudu wengi wanashindwa. Na mtoto akiharisha, apewe maji ya kunywa, anyonye, ale. Tumbo lisipumzishwe.

Nilisikia kila neno. Nilimtazama mtoto wangu, niliyekuwa nimempa muuguzi amshike, akila ule uji wa sufuria ya paka kwa kijiko. Alikula wote. Nikamfunga mgongoni nikashuka barabara kwenda nyumbani.

Mama mkwe wangu alikuwa shambani. Nilichukua chupa nyekundu rafuni. Ilikuwa imeoshwa, safi, inang'aa, tangu siku ile. Nikafungua kizibo nikakivunja kwa vidole, kikavunjika kama mkate mkavu. Nikanusa. Hata baada ya muda huo wote, ndani kilikuwa na harufu ya maziwa yaliyooza.

Nilikaa na vile vipande mkononi. Hesabu ilikuwa rahisi. Mimi nilipika, mama mkwe wangu akamimina, mume wangu akanunua. Hakuna aliyekosa upendo hata kidogo. Nilijaribu kuhisi kitu na sikuhisi. Nilichojua ni kwamba yule mama mzee asiambiwe. Yeye ndiye aliyeshika kikombe. Alijaribu ule uji kwa kidole chake mwenyewe kila mara, akasema uko sawa. Nikaamua nitamfundisha ya kufanya bila kumwambia kwa nini.

Nikanunua jiko dogo la makaa Karatina, na sufuria ndogo kabisa yenye mfuniko. Nikaweka unga mkavu kwenye mkebe, maji yaliyochemshwa kwenye mtungi wenye kifuniko, sabuni kwenye kigae kando ya mlango. Nikamwambia, "Mama, sista amesema mtoto apikiwe kila anapotaka kula. Kidogo kidogo. Na tunawe mikono kwanza, na tukitoka chooni, na tukimbadilisha."

Alishika kiuno akatazama jiko. "Kila anapotaka?"

"Kila mara."

"Ati nawasha makaa mchana kwa kikombe kimoja. Huyu ni mtoto au ni DC?" Akaangalia sufuria. "Na maziwa yanayobaki?"

"Unywe wewe."

"Mimi si ndama." Lakini alikubali, na nilipomwona amewasha lile jiko na kunawa, mkono wangu pia ukakubali. Nilimpa mtoto kijiko cha kwanza mwenyewe, siku ambayo si ya soko. Nikamwangalia siku hiyo yote, na iliyofuata. Hakuharisha. Tukaongeza viazi vilivyopondwa, malenge, ndizi, kila kitu kwa wakati wake na kinaliwa pale pale. Mizani ikapanda.

Kuhusu kizibo nilichokivunja hakuuliza. Nilidhani hakuona.

Ikaja ile miezi ya ukungu. Siku moja ya soko mvua ilikuwa nyingi barabarani, lori likakwama kabla hatujafika mbali, tukangoja mpaka mwenye lori akatuambia turudi nyumbani. Nilirudi kwa miguu saa saba hivi. Nyumba ilikuwa kimya. Makaa hayakuwa yamewashwa, yalikuwa yamelowa kwa sababu nilisahau kuyaingiza ndani. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi na mtoto mapajani, na juu ya meza ilikuwa chupa nyekundu. Alikuwa amepata kizibo kingine, ameking'oa kwenye chupa ya mafuta, akakiosha, akakizungushia kitambaa. Uji aliupika asubuhi nilipokuwa nikifunga magunia. Alikuwa anamimina. Kikombe kilikuwa kimejaa nusu, na mtoto amenyoosha mikono.

Nilichukua kikombe mkononi mwake. Nikachukua na chupa. Nikatoka uani nikamwaga vyote kwenye matope, uji mwingi, wa maziwa, ukatoka kwa vishindo vile vya shingo nyembamba. Ulikuwa vuguvugu. Ulinirukia mguuni nikausikia. Mwanamke wa kwetu hamnyang'anyi mama mkwe wake kitu mkononi. Hata leo nikisimulia hilo naona aibu.

Alisimama mlangoni na mtoto. Mtoto alikuwa analia.

"Umemwaga maziwa," akasema.

"Nimemwaga."

"Makaa yalilowa. Kuni nazo zimelowa. Ningempa nini? Ningempa maji baridi akohoe?" Sauti yake ilikuwa imepanda, halafu ikashuka. Aliangalia chupa mkononi mwangu, na uji kwenye matope, na kuku waliokuwa wameshakuja. "Ulivunja kile kizibo," akasema. "Nilikikuta jikoni kwenye majivu. Nikasema atakuwa amekasirika na mume wake, ndiye aliyenunua."

Niliinama nikafuta uji mguuni.

"Si mume wako ulimkasirikia."

"Hapana, mama."

"Ile chupa ina nini?"

Ningeweza kusema haina kitu. Nilikuwa nimejiandaa miezi mingi kusema haina kitu. Lakini mtoto alikuwa mikononi mwake na siku ya soko ingekuja tena, na makaa yangelowa tena, na kama hangejua hasa kwa nini, angeirudisha tena kwa huruma. Nikamwambia. Kuku na mayai, vuguvugu, kizibo, maziwa, yote kama yule muuguzi alivyosema. Nikamwambia mimi ndiye niliyekuwa napika. Nilisema hivyo mara mbili.

Alisikiliza amesimama. Akabadilisha mtoto bega. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Kwa hiyo nilijilisha mwenyewe."

Hakulia. Sote wawili hatukuwa na ujuzi huo. Alinipa mtoto, akaingia jikoni, nikamsikia anachana kuni kwa panga akitafuta sehemu kavu ya ndani. Ilichukua muda mrefu na mtoto alilia muda wote huo. Akanawa mikono kwa sabuni, akapika kwenye ile sufuria ndogo, akaja akampa kijiko kwa kijiko. Alipomaliza akasema, "Mtoto amekula."

Niligundua neno hilo baadaye, nikiwa kitandani. Mtoto. Tangu siku ile hakumwita "mimi" tena. Mtoto amelala, mtoto amekojoa, mtoto amekula, kama anamtunzia mtu mwingine. Utani wake wote uliisha. Alikuwa anapika mara nyingi kwa siku, hachoki, anachemsha vijiko, anafunika maji, anawafukuza majirani wanaotaka kumtia mtoto kidole mdomoni. Mmoja alimwambia amekuwa mzungu. Yeye akaendelea kufunika maji. Chupa haikuonekana tena rafuni. Kitambaa kilibaki. Sikuuliza aliipeleka wapi na hadi leo sijui.

Mtoto aliharisha mara moja tu, tulipomkuta anakula udongo. Tulimpa maji yenye sukari na chumvi kama tulivyoonyeshwa kliniki, kijiko kwa kijiko, nikamnyonyesha, akala, ikapita. Mama mkwe wangu hakulala usiku kucha wala hakuketi mchana kutwa. Neno meno halikutajwa.

Akavuka umri ule ambao dada yake alifia. Sikuutangaza kwa mtu, lakini najua aliuhesabu kama mimi. Dada yake hakuwahi kusimama. Huyu akasimama akishika kamba ya mbuzi, akaanguka, akasimama tena.

Jioni moja nilishuka kwenye lori nikapanda njia ya nyumbani na magunia matupu begani. Ukungu ulikuwa umeinuka na mlima ulionekana wote. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi mlangoni na ile sufuria ndogo miguuni, na mtoto amesimama mbele yake amemshika magoti, uji mashavuni. Niliuliza toka langoni, kama nilivyokuwa nauliza kila siku, "Mama, amekula?"

Hakuniangalia. Alikuwa anamfuta mtoto mdomo kwa kona ya shuka lake.

"Mimi nimekula," akasema. "Wote. Hakuna kilichobaki."

Nikaweka magunia chini, nikaketi juu yake pale langoni. Na hapo ndipo nikamlilia mtoto wangu wa kwanza.